"Nipe nafasi", "sijawa tayari": maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaopendana kwa Kiswahili cha kujifunza, Mombasa

Mombasa imejaa watu waliokuja kwa kazi ya bandari, hoteli, shule au biashara, wakapata wapenzi wa hapa. Kiswahili chao kinatosha kabisa sokoni na kazini. Kinaanza kuwapiga chenga siku wanapotaka kumwambia mpenzi "tupunguze mwendo" bila kumuumiza, na bila kumwacha akingoja kisichokuja. Ukurasa huu ni wao, na pia ni wa wenyeji wanaowasikiliza.

## Mambo ya msingi

1. Nilisema "nahitaji nafasi", akafurahi. Kwa nini?

Kwa sababu alisikia ombi la kuingia, nawe ulikuwa unaomba kutoka kidogo. Kwenye matatu nafasi ni kiti, ofisini ni kazi iliyo wazi, na kwenye mapenzi "nipe nafasi" ndiyo kauli ya mtu anayetongoza au anayeomba asamehewe. Ukimwambia mpenzi uliyegombana naye jana kwamba unahitaji nafasi, ni rahisi aelewe kwamba unataka akupe nafasi nyingine.

Vijana waliozoea Sheng na Kiingereza watakuelewa, maana wao wenyewe husema hivyo. Lakini usisahau kwamba ujumbe wa mapenzi hausomwi na mmoja. Atamwonyesha dadake, pengine na mama mdogo, na hao watausoma kwa Kiswahili chao.

2. Basi niseme nini badala yake?

Taja kitendo. "Naomba tusionane mpaka Jumapili." "Naomba nisipigiwe simu usiku wiki hii, nitakuwa nakuandikia asubuhi." "Nataka nikae peke yangu leo na kesho, nimechoka na kazi."

Ona kwamba hakuna hata moja kati ya kauli hizo iliyo kali, na hakuna inayohitaji kufasiriwa. Anayeomba "muda" au "utulivu" bila kusema ni nini kitasimama na nini kitaendelea amemwachia mwenzake kazi ya kukisia, na mtu anayependa hukisia kwa upande wa matumaini, au kwa upande wa hofu akiwa amewahi kuachwa.

3. Kuna tofauti gani kati ya "sijawa tayari", "siko tayari" na "sitakuwa tayari"?

Hapa ndipo wengi wanapopotoshana bila kukusudia. Ukiulizwa kama mgeni amekuja ukajibu "hajafika", kila mtu anaendelea kumngoja na chai haiondolewi mezani. Ukijibu "hakufika", vikombe vinaoshwa. Ile -ja- ina matarajio ndani yake. Kwa hiyo "sijawa tayari kuoa" humwambia msikilizaji kwamba uko njiani, ni suala la siku tu.

"Siko tayari" inaeleza hali ya leo na kuishia hapo. Haiahidi, wala haifungi mlango. "Sitakuwa tayari" inaufunga.

"Bado" ni laini kuliko zote, na ndiyo sababu ni hatari. Mtu mzima akiulizwa kama ameolewa hujibu "bado", hata kama hana mpango wowote wa kuolewa, kwa kuwa "hapana" hapo inasikika kama ukorofi. Kwa jirani anayekudadisi, "bado" ni adabu tu. Kwa mpenzi aliyeuliza akitaka jibu, ni ahadi isiyo na tarehe.

## Kulainisha bila kupotosha

4. Ni maneno gani yanalainisha na ukweli ukabaki vilevile?

Kuna maneno yanayogusa namna unavyomkabili mtu, na kuna yanayogusa jambo lenyewe. Ya kwanza tumia upendavyo. Badala ya "nataka" anza na "naomba", ambayo huku Pwani ni adabu ya kawaida hata ukinunua maji dukani. Tumia "ningependa". Mtaje kwa jina lake au kwa jina mnaloitana. Toa sababu ya kweli, hata iwe fupi. Sema "samahani kama nitakukwaza" kabla, na "asante kwa kunisikiliza" baadaye. Yote hayo yanapunguza makali, na hakuna linalogeuza "hapana" kuwa "labda".

Yanayogusa jambo lenyewe ni yale ya wakati na ya sharti: bado, kwa sasa, kwanza, kidogo, labda, tutaona. Yatumie pale tu yanaposema kweli. "Kwanza" ndilo linaloponza watu zaidi. Unasema "acha nipate kazi nzuri kwanza" kwa kuwa "sitaki kuoa" inakukaa kooni. Mwenzio anakuamini, anamwendea mjomba wake, na baada ya mwezi umetafutiwa kazi. Sasa utatoa sharti gani tena?

Na "haitawezekana" nayo iangalie. Inasikika ya upole kwa sababu haimlaumu mtu, lakini humfanya mpenzi aone kwamba kuna kizuizi nje yenu wawili, na kizuizi hutafutiwa njia. Kama kizuizi ni moyo wako, tazama swali la 12.

5. "Nipe muda kidogo" ina ubaya gani?

"Kidogo" katika ombi haipimi muda, inapunguza uzito wa kuomba. "Subiri kidogo" ya fundi cherehani yaweza kuwa dakika tano au wiki tatu, na mwenyeji anajua hivyo. Shida ni kwamba kwenye mapenzi hata mwenyeji huisikia kama kipimo, kwa kuwa anataka iwe fupi. Ukijua unahitaji mwezi, sema mwezi. Usipojua, taja siku ya kuzungumza tena: "Sijui nitahitaji muda gani. Ijumaa ya wiki ijayo nitakupigia nikwambie nilipofika." Siku hiyo ikifika piga, hata kama huna jipya la kusema.

6. Nikiulizwa kuhusu ndoa, naweza kujibu "inshallah"?

Unaweza, kama kweli unakusudia. Muislamu anayelisema kwa dhati anaeleza nia yake na kuiacha kwa Mungu. Lakini jijini humu wengi pia hulitumia kukwepa mwaliko wasioutaka, na msikilizaji hutambua tofauti kwa sauti, kwa uso, na kwa kumjua msemaji. Wewe mwenye lugha ya kujifunza mara nyingi huna sauti hiyo. "Inshallah" yako husikika tupu, au husikika nzito kuliko ulivyokusudia. Mimi ningekushauri uliweke baada ya mpango wenye tarehe, lisiwe ndilo jibu zima.

7. Ni maneno gani makali kuliko ninavyodhani?

Neno la lugha ya pili halikuchomi kama la lugha ya mama, kwa hiyo ni rahisi kulirusha bila kujua uzito wake. Haya ndiyo yanayoleta kilio mara nyingi:

"Niache" au "niache kwanza". Ulitaka kusema "usiniulize sasa hivi". Lakini kuacha ndilo neno la kuvunja mapenzi, na kwa wanandoa ndilo la talaka (swali la 14).

"Nimechoka", ikisimama peke yake katikati ya mazungumzo ya uhusiano. Mwenzio atasikia kwamba amekuchosha yeye. Taja kilichokuchosha.

"Usinisumbue". Hilo huambiwa mtu asiyejulikana. Sema "naomba tuongee kesho".

## Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

8. Ujumbe wa namna hii unarekebishwaje?

Chukua kijana wa Ukambani anayefanya kazi Changamwe, kwenye yadi ya makontena. Mpenzi wake ni wa Majengo. Binti amemuuliza, "Utakuja nyumbani lini?" Huku, swali hilo haliulizi habari za kuja kula pilau. Linauliza lini atakuja na wazee. Kijana hapingi ndoa, ila analipa karo ya mdogo wake hadi Desemba na kila akiulizwa anakosa usingizi. Akaandika:

"Mpenzi nahitaji nafasi. Sijawa tayari kwa mambo ya nyumbani. Nipe muda kidogo, Mungu akipenda tutaongea."

Yeye aliona amesema: acha kuniuliza, mwaka huu haiwezekani. Binti alisoma: nipe nafasi nijiandae, niko njiani, si muda mrefu, tutapanga. Akamwambia mama mdogo kwamba mtu anajiandaa na posa. Wiki mbili baadaye mama mdogo akapiga simu kuuliza wazee watakaokuja ni wangapi, ajue chakula. Kijana akaona anasukumwa. Binti akaona amedanganywa mbele ya jamaa zake. Ukiusoma ujumbe ule tena, kila alichokisoma binti kimo.

Kabla ya kuuandika upya, kijana alipaswa kujiuliza mambo manne: nini kinasimama, nini kinaendelea, mpaka lini, na nani ataanzisha tena mazungumzo. Majibu yake akiyaweka kwa upole yanakuwa hivi:

"Mpenzi wangu, naomba unisikilize. Nakupenda na naendelea nawe. Kuja kwenu na wazee, mwaka huu hakutakuwepo. Nalipa karo ya mdogo wangu hadi Desemba na siwezi mambo mawili. Naomba tusilizungumze mpaka wiki ya kwanza ya Januari, na hapo nitalianzisha mimi mwenyewe. Sijaahidi posa ya Januari, nimeahidi tutakaa tuongee. Mama akiuliza, tafadhali mwambie hakuna tarehe."

Ni mrefu kuliko wa kwanza na una maneno ya upole mengi zaidi, lakini pale katikati ni mgumu: "hakutakuwepo", "sijaahidi", "hakuna tarehe". Sentensi ya mwisho ndiyo watu huiona ya ajabu, nami ningekuwa wa mwisho kuiondoa. Swali lilitoka kwa mama, kwa hiyo jibu litarudi kwa mama. Usipompa mpenzi maneno ya kupeleka, atatunga yake.

Angalia pia kwamba "sijaahidi" ina ile -ja- ya swali la 3, na hapa imekaa sawasawa: Januari ahadi inaweza kuja au isije. Kama angekuwa ameshaamua kwamba hataoa, sentensi hiyo ingekuwa uongo.

9. Nitajuaje kama ameelewa?

Usiulize "umenielewa?" Jibu lake ni "ndio" siku zote, hata aliyepotea kabisa atasema ndio kwa heshima. Uliza "umenielewaje?" au, bora zaidi, "sasa mama akikuuliza utamwambia nini?" Akijibu "nitamwambia unajiandaa", unajua bado hamjafika.

Ukikosa ujasiri wa kuuliza, tazama vitendo vya siku tatu nne zinazofuata. Anaendelea kupanga kile ulichosema kimesimama? Alisikia laini mno. Amenyamaza kabisa, hata salamu za asubuhi hazipo, ilhali uliomba mpumzike jioni tu? Alisikia kwaheri. Kwa vyovyote, rudi na kauli iliyo wazi zaidi. Usirudie ileile kwa sauti ya juu.

"Sawa" ni jibu lisilo na rangi, usilitegemee. "Haya basi" mara nyingi ni mtu aliyeumia anayefunga mazungumzo.

## Njia ya kusema

10. Niandike, nirekodi sauti, au tukutane?

Kwa mtu wa lugha ya pili, kuandika kuna faida moja kubwa: unaweza kufuta "bado" na "kidogo" kabla ya kutuma. Hasara yake ni kwamba Kiswahili kilichoandikwa na mgeni hutoka kikavu, na tiki za buluu bila jibu ni mateso. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unabeba upole, ila ukianza kubabaika utamaliza kwa "basi tutaona tu, sawa?" na kazi yote imeharibika.

Napenda njia ya katikati. Andika sentensi mbili ngumu kwenye karatasi, zile zinazosema nini kinasimama na mpaka lini. Kutaneni mahali penye watu na upepo, Mama Ngina kwa mfano, mkinunua madafu. Mengine yote yaseme utakavyoweza, lakini hizo mbili zisome au zikariri kama zilivyo. Mkiachana, mtumie hizo hizo kwa maandishi ili asibaki na kumbukumbu tu.

11. Naweza kumtuma rafiki au mshenga azungumze kwa niaba yangu?

Kwa mambo ya posa mshenga ana kazi yake, na anajua kulainisha kuliko wewe. Tatizo ni hilohilo: analainisha. "Hapana" yako ikipita kwa mtu mmoja inafika "ana mambo mengi siku hizi". Mtume baada ya wewe mwenyewe kusema, si kabla.

## Hali ngumu

12. Ukweli ni kwamba sitaki kuendelea. Naweza kusema "sijawa tayari" ili nisimuumize?

Utamuumiza mara mbili: siku ya kungoja na siku ya kugundua. Ondoa kila neno la wakati kwenye kauli yako, kisha ulainishe kwa heshima. "Nakuheshimu sana, ndiyo maana nakwambia mwenyewe: sioni ndoa kati yetu, na sitabadilika." "Sioni" ni pole kuliko "sitaki", na bado inafunga. "Moyo haukubali" pia inafaa. Usiseme "moyo haujakubali", kwa kuwa umeshajua kazi ya -ja-.

Ataomba sababu. Sababu moja ya kweli inatosha. Ukitoa tano, atajibu moja moja.

13. Na "siko tayari" inayohusu mwili?

Hapo usilainishe jambo lenyewe hata kidogo. "Sitaki" si tusi. "Hapana, sitaki leo" inatosha bila sababu. "Bado" na "subiri kwanza" humpa anayesukuma kisingizio cha kusukuma tena baada ya dakika kumi.

Kwa upande wa anayeambiwa: ukisikia "bado", "naogopa" au ukimya kutoka kwa mtu anayebabaika na lugha, ichukue kuwa ni hapana. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 inaeleza ridhaa kuwa ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Kunyamaza kwa kukosa maneno si kukubali.

Na kama mwenzako anatisha, anapiga, au amesema atakufanyia kitu ukimwacha, mashauri ya ukurasa huu hayakuhusu. Usimpangie mkutano wa kumweleza. Tafuta kwanza mtu wa kukaa naye na mahali salama. Simu ya bure ya taifa kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia ni 1195.

14. Tumeoana. Nataka tupumzike wiki moja, kila mtu kwao. Niseme vipi?

Kwa ndoa ya Kiislamu hili linahitaji uangalifu ambao mgeni hawezi kuukisia. Mke akisema "niache", amesikika akiomba talaka. Mume akisema "nimekuacha", hilo ni tamko la wazi la talaka, hata kama kwa Kiswahili chake alidhani anasema "nimekuacha upumzike".

Kuna pia maneno ya fumbo, yanayoitwa kinaya. "Nenda kwenu" ni mfano wake maarufu tangu vitabu vya kale vya fikihi. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, kinaya huwa talaka ikiwa mume alikusudia talaka. Nia hiyo haionekani. Mke akifika kwao na begi na maneno "ameniambia niende kwetu", wazee wana haki ya kuuliza, na mume ataulizwa alikusudia nini.

Kwa hiyo mume aseme jambo lote kwa pumzi moja: "Naomba upumzike kwa mama mpaka Jumapili, Jumapili jioni nitakuja kukuchukua. Hii si talaka na sina nia ya talaka." Ampigie baba mkwe yeye mwenyewe kabla mke hajafika, aseme yaleyale. Na kama neno lenye utata limeshatoka, msikisie wenyewe wala msiulize marafiki: nendeni kwa sheikh mnayemwamini au kwa mahakama ya Kadhi, ambayo chini ya kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 husikiliza mambo ya ndoa na talaka ya Waislamu waliokubali kupeleka shauri lao huko. Nendeni na maneno yenyewe yalivyotamkwa, neno kwa neno, kwa lugha iliyotumika.